Kutoza kila mwezi kwa M-Pesa: mteja akipanda kifurushi katikati, na malipo yakikwama

*Nimetengeneza programu ya kusimamia maduka ya dawa hapa Kenya. Nina kifurushi cha shilingi 1,500 kwa mwezi na kingine cha 3,500, na wateja hulipa kwa M-Pesa. Malipo yakiingia ninaongeza siku 30 kwenye tarehe ya mwisho ya mteja. Sasa kuna wanaotaka kupanda kifurushi katikati ya mwezi na sijui niwatoze ngapi. Wengine siku ya kulipa ikifika hawalipi, nikiwafungia wanalalamika, nikiwaacha wanazoea. Na hesabu zangu zimeanza kutolingana na taarifa ya M-Pesa. Nianzie wapi?*

Ndugu yangu, anzia kwenye zile siku 30, kwa sababu maswali yako mengine yote yamejengwa juu yake. Mteja anayelipa kila siku 30 hasogei pamoja na kalenda. Aliyeanza tarehe 10 Machi atadaiwa tarehe 9 Aprili, kisha 9 Mei, kisha 8 Juni, na baada ya malipo 12 atakuwa amepata siku 360. Yeye anaamini amenunua mwaka mzima. Lakini ubaya mkubwa zaidi ni kwamba tarehe ya mwisho inasogezwa na malipo yenyewe. Mfumo ukipokea taarifa ileile ya malipo mara mbili, anapata miezi miwili. Kwenye hifadhidata yako inabaki tarehe moja tu, na hakuna mahali panapoeleza ilifikaje hapo.

Tenganisha vitu vitatu ambavyo sasa umevifunga pamoja: kipindi, ankara na malipo. Kipindi ni muda ambao mteja ana haki ya kutumia huduma, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Ankara ni deni la kipindi hicho. Malipo ni pesa iliyoingia, nayo inaweza kulipa ankara yote, nusu yake, au kuzidi. Malipo hayasogezi tarehe, ila kwa duka lililokwisha kufungwa, ambalo nitalifikia. Kazi yake ni kupunguza deni, na deni likiisha ndipo kipindi kinahesabika kuwa kimelipiwa. Ni kama kodi ya nyumba: mpangaji akilipa tarehe 5, kodi ya mwezi ujao bado inadaiwa tarehe 1.

Kila mteja mpe tarehe ya nanga, yaani siku aliyoanza, na hesabu kila kipindi kutoka hapo. Usihesabu kutoka kipindi kilichotangulia. Tofauti utaiona kwa aliyeanza tarehe 31 Januari. Ukiongeza mwezi mmoja unapata 28 Februari. Ukiongeza mwezi mwingine juu ya hiyo unapata 28 Machi, na hatarudi tena kwenye 31. Ukihesabu kutoka nanga kila mara, anarudi mahali pake. PostgreSQL inafanya hivyo bila taabu:

```sql
SELECT (DATE '2025-01-31' + n * INTERVAL '1 month')::date
FROM generate_series(1, 3) AS n;
-- 2025-02-28, 2025-03-31, 2025-04-30
```

Kisha zuia kipindi kimoja kupata ankara mbili. Usiliachie jambo hili msimbo wako, liachie hifadhidata. Kazi ya usiku inayotengeneza ankara siku moja itakimbia mara mbili, kwa sababu seva ilizimika ikawashwa, au kwa sababu una seva mbili na zote zimeamka saa ileile. Faharasa hii inaikataa ankara ya pili:

```sql
CREATE UNIQUE INDEX ankara_moja_kwa_kipindi
  ON ankara (usajili_id, kipindi_mwanzo)
  WHERE aina = 'kipindi';
```

Sasa tuje kwa anayepanda kifurushi. Tuchukue duka ambalo kipindi chake ni 10 Machi hadi 10 Aprili, siku 31, na limelipia 1,500. Tarehe 21 Machi mwenyewe anataka kifurushi cha 3,500. Ametumia siku 11, zimebaki 20. Kwa siku hizo 20 alikuwa ameshakulipa 1,500 × 20 ÷ 31, yaani shilingi 967.74, nazo ni zake. Siku hizohizo kwa kifurushi kipya zina thamani ya 3,500 × 20 ÷ 31, yaani 2,258.06. Tofauti ni 1,290.32, na hiyo ndiyo anayodaiwa leo. Tarehe 10 Aprili atadaiwa 3,500 kamili kama kawaida.

Kwenye ankara andika mistari yote miwili, wa kumrudishia 967.74 na wa kumtoza 2,258.06. Ukimwonyesha tofauti peke yake atapiga simu kuuliza imetoka wapi. Ombi la malipo la M-Pesa halipokei senti, kwa hiyo mwishoni lazima ufikie shilingi nzima. Weka pesa zote kwenye hifadhidata kama senti kwa namba nzima, usitumie namba za desimali zinazoelea, na kata senti mara moja tu, kwenye jumla ya ankara. Hapa ankara inakuwa 1,290, na zile senti 32 zinapata mstari wake mdogo wa marekebisho ili jumla ya mistari ilingane na kiasi kilicholipwa. Ukikata senti kwenye kila mstari, shilingi moja moja zitaanza kukupotea, na zikishakuwa za wateja mia tatu hutajua zilikopotelea.

Kuna mtego hapa unaowanasa wengi. Kiasi cha kumrudishia mteja hukitoi kwenye orodha ya bei. Unakitoa kwenye kile alichotozwa kweli. Tuseme duka hilo lilikuwa kwenye ofa ya nusu bei, likalipa 750. Ukihesabu kwa bei ya orodha utamrudishia 967.74 kwa siku 20, zaidi ya alicholipa kwa mwezi mzima. Haki yake ni 750 × 20 ÷ 31, yaani 483.87. Ndiyo maana bei lazima ihifadhiwe kwenye mstari wa ankara siku inapotolewa, hata kama unayo pia kwenye jedwali la vifurushi. Siku utakayopandisha bei utaelewa faida yake kwa mara ya pili.

Wapo wanaopendelea njia nyingine: kufunga kipindi cha zamani hapohapo na kuanza mwezi mpya tarehe 21, mteja akilipa 3,500 ukitoa 967.74, yaani 2,532.26. Si kosa, na hesabu zake ni nyepesi. Mimi nabaki na nanga ya zamani. Mwenye duka ameshazoea kwamba tarehe 10 ni ya programu, na ukiihamisha bila yeye kuomba, mwezi unaofuata utamkuta hana pesa uliyozoea kuikuta.

Kuna mpangilio mmoja usioruhusu makosa: kifurushi kipya kinafunguliwa baada ya pesa kuingia. Anayelipa kwa M-Pesa lazima aweke namba ya siri mwenyewe, na huenda akabonyeza kitufe cha kupanda kisha akaghairi. Kwa hiyo kitufe kinatengeneza ankara ya 1,290 inayosubiri, yenye muda wa kuisha usiku wa manane siku hiyohiyo. Ikilipwa, kifurushi kinabadilika. Isipolipwa inafutika na hakuna kilichobadilika. Usiiache ilale, kwa sababu kesho siku zilizobaki ni 19 na kiasi si 1,290 tena. Na mwenye deni la kipindi cha sasa asiruhusiwe kupanda mpaka alimalize, la sivyo utajikuta unamrudishia pesa za siku ambazo hajazilipia.

Kushuka kifurushi usikupe shida. Kufanyike mwisho wa kipindi, bila kurudisha pesa. Ukiruhusu kushuka katikati kwa kurudishiwa, mtu atapanda asubuhi, atoe ripoti zake za mwaka mzima, ashuke jioni.

Nimefika kwenye sehemu ngumu, ya malipo yanayokwama, na hapa M-Pesa inatofautiana na kadi kuliko miongozo mingi inavyoeleza. Kadi iliyohifadhiwa unaweza kuitoza mwenye nayo akiwa amelala. Ombi la STK ni kubisha hodi: linatokea kwenye simu, linakaa kwa muda mfupi sana, na mtu asipoweka namba ya siri linaisha. Programu nyingi hutoza saa sita usiku kwa saa za seva. Seva ikiwa kwenye UTC, hiyo ni saa tisa usiku Nairobi, na ombi lako linaisha kwenye simu iliyo chini ya mto. Mfumo unaandika kwamba malipo yameshindwa, unamfungia mteja, naye asubuhi anakuta duka limekwama wakati pesa anayo. Weka saa za vipindi kwenye `Africa/Nairobi`, na maombi ya malipo uyatume saa nne asubuhi, duka likiwa wazi.

Siku tatu kabla ya tarehe, tuma ujumbe mfupi wenye kiasi, tarehe, na namba ya Paybill pamoja na namba ya akaunti yake. Wengi watajilipia wenyewe hapo, kwa wakati wao, na hao hawatahitaji ombi lolote. Ninauona ujumbe huo kuwa na kazi kubwa kuliko majaribio yote yanayofuata.

Ombi likishindwa, soma `ResultCode`, kwa sababu kila sababu ina dawa yake. `1` ni salio halitoshi: kurudia baada ya dakika kumi ni kumsumbua, jaribu kesho au keshokutwa. `1032` ni kwamba mtu ameghairi mwenyewe: pengine hakulitambua jina la biashara, au simu iko kwa mfanyakazi, kwa hiyo tuma ujumbe kabla ya kutuma ombi lingine. `1037` ni kwamba simu haikupatikana au hakujibu: hilo unaweza kulirudia jioni ileile. Kwa anayelipa kwa kadi kanuni ni ileile. Pesa haitoshi, rudia baada ya siku kadhaa. Kadi imeibwa au imefungwa, usirudie kabisa, omba kadi nyingine.

Kuna hali ya nne ambayo si kushindwa wala kufaulu: umetuma ombi na jibu halikurudi. Pesa huenda imekatwa. Ukilichukulia kuwa limeshindwa na kutuma jingine, mteja atalipa mara mbili, na imani yake utaichuma tena kwa shida. Kila jaribio lianze kuandikwa kwenye hifadhidata likiwa "linasubiri" kabla hujaiita Daraja, yaani API ya M-Pesa, kisha uhifadhi `CheckoutRequestID` inayorudi. Jibu lisipofika, uliza kwanza:

```
POST /mpesa/stkpushquery/v1/query
```

Mpaka ujibiwe, ankara hiyo isipate jaribio jingine. Na kwa kuwa mtandao unaweza kukatika kabla hujaipata hata hiyo `CheckoutRequestID`, weka namba ya jaribio lako ndani ya `CallBackURL` yenyewe, kila ombi na anwani yake. Jibu likija baadaye utajua ni la nani hata kama hukuwahi kupokea kitambulisho. Namba ya risiti ya M-Pesa nayo iwe ya kipekee kwenye jedwali la malipo, ili taarifa ikija mara mbili ya pili ikataliwe kimyakimya.

Turudi kwa duka letu uone linavyokwenda. Tarehe 10 Aprili ankara ya 3,500 inatoka, kipindi ni hadi 10 Mei. Ombi la saa nne linarudisha `1`. Huduma inaendelea, ila juu ya skrini kuna mstari unaosema deni ni 3,500 na huduma itafungwa tarehe 17. Tarehe 11 ombi linarudisha `1037`, linarudiwa jioni, tena kimya. Tarehe 13 zinaingia 3,000 kwa Paybill kutoka simu ya mtu mwingine kabisa, pengine shemeji yake. Usimtambue mlipaji kwa namba ya simu. Tazama `BillRefNumber`, ambayo ndiyo namba ya akaunti aliyoandika. Pesa inaingia kwenye salio la duka, salio linapunguza ankara, na deni sasa ni 500. Ombi la tarehe 15 linakuwa la 500, si la 3,500. Linalipwa. Ankara imefungwa, na kipindi kinabaki 10 Aprili hadi 10 Mei, kwa sababu siku zote tano za kuchelewa alikuwa akitumia huduma.

Angelipa 4,000 kwa mkupuo, 500 zingekaa kwenye salio na ankara ya Mei ingeanza kwa kuzitoa. Na akikosea namba ya akaunti, usiikatae pesa. Iingize kwenye akaunti ya malipo yasiyojulikana, uiangalie kila asubuhi, kwa maana mtu huyo anakaribia kukupigia.

Siku saba za kusubiri ndizo ningekupa kwa maduka ya dawa. Ni biashara inayouza kila siku, pesa ya wiki moja inatosha kulipa deni hili. Tarehe 17 ikifika bila malipo, funga, lakini funga kwa mpangilio: mauzo mapya yasimame, kusoma stoki na kutoa kumbukumbu zake kuendelee. Kumbukumbu za dawa ni mali ya duka. Ukizishikilia kama rehani umegeuza deni la 3,500 kuwa ugomvi. Ukifika mwezi mzima tangu kufungwa, funga usajili na uache kutuma maombi.

Sasa wale wanaozoea. Duka limefungwa tarehe 17, linalipa tarehe 25. Ukimpa mwenye duka mwezi mpya kuanzia tarehe 25, zile siku saba za kusubiri zimekuwa za bure, na atakayeligundua hilo atapata siku 37 kwa kila malipo. Ukimshikilia kwenye kipindi cha 10 Aprili, unamlipisha siku nane alizokuwa amefungiwa, naye atakuwa na haki ya kulalamika. Njia ninayoipenda ni kuhamisha nanga: chukua siku ya malipo, toa siku saba alizotumia bila kulipa, unapata 18 Aprili. Ankara ya zamani inapunguzwa hadi sifuri kwa hati ya marekebisho, ankara mpya ya 3,500 inatoka kwa kipindi cha 18 Aprili hadi 18 Mei. Amepata siku 23 mbele na saba nyuma, jumla 30. Hakuna aliyeibiwa, na mtu wa simu anaweza kulieleza kwa sentensi moja.

Nimesema hati ya marekebisho kwa makusudi. Ankara iliyokwisha kutumwa haifutwi wala haihaririwi, hasa kama biashara yako inatoa ankara za eTIMS kwa KRA. Inatolewa hati nyingine inayoipunguza, na zote mbili zinabaki.

Utasikia pia kuhusu M-Pesa Ratiba, ambapo mteja huidhinisha mara moja malipo ya kujirudia. Inafaa kwa walio kwenye kifurushi kilekile miezi mingi. Ila kiasi huwekwa wakati wa kuidhinisha, kwa hiyo anayepanda kifurushi lazima aidhinishe upya, na salio likikosekana siku hiyo uko palepale. Ichukulie kama njia moja zaidi ya pesa kuingia. Ankara na vipindi vyako visibadilike.

Ili ujue mambo yanakwenda sawa, kila asubuhi linganisha jumla mbili: pesa zote za jana kwenye taarifa ya M-Pesa, na malipo yote ya jana kwenye jedwali lako. Zisipolingana hata kwa shilingi moja, tafuta risiti isiyoonekana upande mmoja kabla ya kufanya lolote. Kisha tafuta maduka yanayotumia huduma leo bila ankara iliyolipwa na bila kuwa ndani ya siku saba. Orodha hiyo iwe tupu. Duka likionekana humo, mara nyingi ni mtu wa ofisini aliyemfungulia mteja kwa mkono, na hilo nalo lipewe ankara yake ya sifuri yenye jina la aliyeruhusu.

Wateja ulionao sasa usiwahesabie upya miezi iliyopita. Chukua tarehe ya mwisho ya kila mmoja jinsi ilivyo leo, iwe ndiyo nanga yake, na ankara ya kwanza ya mfumo mpya itoke siku hiyo. Kwa wale waliolipa kwa muda mrefu kwa siku 30 30, ongeza siku walizopunjwa kabla ya kuweka nanga: siku moja kwa kila mwezi wa siku 31 walioulipia, ukitoa mbili kwa Februari ya siku 28. Watumie ujumbe wa kuwaeleza tarehe yao mpya ya kulipa kabla ankara haijatoka.